Bispiribaki imegoma kwenye mpunga, nimebadilisha dawa mara tatu majani yapo palepale

MpungaHalisi
Wakuu habari za humu. Nalima mpunga Ubaruku huku Mbarali, maji ya mfereji, na siku hizi namwaga mbegu sipandikizi maana vibarua wamepandisha bei hadi basi. Miaka ya nyuma bispiribaki ukipiga, baada ya wiki mbili tatu jaruba linabaki mpunga mtupu. Saivi nikipiga ndago zinakufa, majani mapana yanakufa, ila yale majani yanayofanana na mpunga (sio mpunga pori, namaanisha yale ambayo ukifunua pale jani linapokumbatia shina hukuti kile kingozi cheupe ambacho mpunga unacho) yanadumaa kidogo, yananyooka, yanaendelea na maisha. Msimu juzi muuzaji akaniambia badilisha dawa, nikachukua nyingine ya bei, ikagoma. Msimu uliopita nikachukua ya tatu, kopo jingine kabisa kampuni nyingine, ileile hadithi. Je nauziwa feki au majani yameshazoea dawa?

BombaMgongoni
Yamezoea mkuu hiyo haina ubishi. Majani ni kama mtu na pombe, mara ya kwanza chupa moja anaanguka, akizoea anamaliza kreti. Unachotakiwa ni kupandisha dozi. Mi huku napiga mara mbili ya lebo na yanakufa.

MamaNasra_Ifakara
Mpunga pori mimi unanimaliza jamani, nisaidieni dawa ya kuua mpunga pori bila kuua mpunga, nimeuliza kila duka.

Jembe_na_Darubini
@MpungaHalisi kabla ya kusema feki au usugu nijibu mambo matatu. La kwanza, hizo dawa tatu viambato vyake ni nini, sio jina kubwa la mbele, yale maandishi madogo. La pili, hayo majani yaliyopona yametapakaa shamba zima au yapo kwa mabaka? La tatu ndio muhimu kuliko yote, ukiinama pale kwenye baka unaona majani ya aina hiyohiyo mengine yamekufa kabisa na mengine mazima yamegusana nayo, umri mmoja?

@BombaMgongoni habari ya kuzoea watu wengi wanaisema lakini sivyo inavyokwenda. Jani moja halizoei dawa. Lililopigwa ama limekufa ama lilikuwa na uwezo wa kupona tangu halijapigwa. Kinachobadilika ni nani anabaki kuzaa.

MpungaHalisi
Nimetoka store kuangalia. La kwanza bispiribaki. La pili limeandikwa penoksulamu. La tatu nimecheka mwenyewe, ni bispiribaki tena, jina tu la mbele tofauti. Kuhusu mabaka, ndio, yalianza karibu na pale maji yanapoingilia, sasa yameshuka hadi majaruba ya chini. Na hilo la tatu umenishtua, ni kweli, unakuta shina limekauka na lingine limesimama limeanza kutoa kichwa, umbali wa kiganja.

Jembe_na_Darubini
Basi feki naipa nafasi ndogo. Dawa feki au iliyochakachuliwa haichagui, ungekuta ndago nazo zimepona na majani mapana yamepona. Pia mvua ikinyesha mapema baada ya kupiga, au kama hukutoa maji jarubani na majani yakawa yamezama, huwa yanapona kwa mstari au kwa eneo lote la bondeni, sio jani moja zima pembeni ya lililokufa. Aina moja inapona, nyingine zote zinakufa kwa dawa ileile siku ileile, hiyo ndio sura ya usugu. Bado sijasema ni usugu, nimesema ndio sura yake. Kupima tutakuja.

Ila hapo kwenye kubadilisha dawa hujabadilisha kitu. Bispiribaki na penoksulamu ni kundi moja, kundi namba 2. Zote zinakwenda kukamata kimeng'enya kimoja ndani ya mmea, kile kinachotengeneza amino asidi tatu: valini, leusini na isoleusini. Mmea ukizikosa hizo unaacha kukua, unageuka njano, unakufa taratibu, ndio maana bispiribaki haiui haraka. Sasa kikitokea kimea ambacho kimeng'enya chake kimetofautiana kidogo sana pale dawa inaposhika, tena sehemu moja tu inatosha, dawa inakosa pa kushika na kimeng'enya kinaendelea na kazi kama kawaida. Ukileta dawa nyingine ya kundi hilohilo mara nyingi nayo inakosa pa kushika palepale. Ndio maana kampuni tatu, rangi tatu za makopo, matokeo mamoja.

BombaMgongoni
Sawa mwalimu lakini hicho kimea kimetoka wapi kama sio dawa iliyokibadilisha? Mbona zamani hakikuwepo.

Jembe_na_Darubini
Kilikuwepo. Watafiti wa Australia walichukua mbegu za nyasi inaitwa raigrasi, inasumbua sana ngano kule, sehemu ambazo hazijawahi kupigwa dawa za kundi 2 hata mara moja. Wakaziotesha na kuzipiga. Katika kila mimea laki moja walikuta kati ya miwili na kumi na miwili imepona. Haijawahi kuonja dawa na inapona. Hayo ni makosa madogo ya kawaida wakati mbegu zinatengenezwa, yanatokea yenyewe kila kizazi, dawa haihusiki kuyatengeneza.

Sasa ngoja nikupigie hesabu, chukua kalamu. Nafanya rahisi, shamba halisi linachafuka zaidi ya hivi.

Chukua heka moja ina majani milioni moja yaliyoota, hiyo ni kama 250 kwa kila mita moja ya mraba, kwa mpunga wa kumwaga sio ajabu. Tuseme sugu ni moja katika laki, yaani 10 tu heka nzima. Unapiga dawa nzuri inaua asilimia 99 ya yasiyo sugu. Yanabaki elfu kumi yaliyokwepa, yalijificha chini ya mengine au hayakuguswa vizuri, pamoja na wale 10. Wewe unaona shamba safi na una haki ya kuona hivyo. Lakini wale 10 sasa ni 1 katika 1,000 ya wanaozaa mbegu.

Msimu wa pili majani yanajaza tena milioni, sugu sasa ni 1,000. Unapiga, inabaki kama elfu kumi na moja. Msimu uliopita zilibaki elfu kumi, nani ataona tofauti hiyo kwa macho? Hakuna. Ila sugu zimeshakuwa asilimia 9 ya zilizobaki.

Msimu wa tatu sugu ni elfu tisini hivi. Unapiga, inabaki karibu laki moja. Hapo ndio unaanza kunung'unika kwamba dawa ya mwaka huu ina maji. Msimu wa nne sugu ni asilimia 90 na ushee na dawa inakuwa kama umenyunyizia maji ya mfereji.

Kwahiyo misimu miwili yote ambayo tatizo lilikuwa linakua, wewe ulikuwa unaisifia dawa kijiweni.

MpungaHalisi
Aisee. Hiyo ya msimu wa tatu ndio ilivyokuwa, nilimgombeza kijana kwamba hajapiga vizuri.

DukaPembejeo_Kona
Mi niko upande wa pili wa kaunta so naomba nitetee wenzangu kidogo. Mkulima anakuja na jina la kopo, anasema nataka lile la jirani, ukimwambia chukua kundi lingine anakuona unataka kumuuzia mzigo uliododa. Na makopo mengi hayana namba ya kundi, mengine yana herufi. Halafu hii kubadilisha kubadilisha mnayosema, kwa mkulima wa heka mbili ni gharama, na wengine tunajua ni mbinu ya makampuni kuuza dawa mbili badala ya moja.

Jembe_na_Darubini
Herufi ni mfumo wa zamani, namba zilichukua nafasi mwaka 2020. B ya zamani ndio 2 ya sasa, A ni 1, O ni 4, G ni 9. Kama kopo halina chochote, kiambato kinatosha, ukikijua kiambato kundi unalijua. Kwa mpunga sio orodha ndefu: bispiribaki, penoksulamu, bensalfuroni zote 2. Pendimethalini ni 3. 2,4-D ni 4. Propanili ni 5. Glaifoseti ni 9. Oksadiazoni ni 14. Andika ukutani dukani kwako mkuu utasaidia watu.

Kuhusu mbinu ya makampuni, kuna ukweli kwamba wanauza, lakini hesabu haijali nani anauza. Kampuni ingependa zaidi ununue dawa moja ileile kila mwaka hadi ife, halafu wakuletee mpya ya bei kubwa.

Mkulima_Narok
Nimefuata huu uzi kimya, sisi huku tunalima ngano na hiyo raigrasi mnaitaja tunaijua vizuri. Nilifanya vile jamaa wa juu anasema, nikaongeza dozi. Msimu moja ikaenda poa, ingine ikarudi na hata ile dawa mpya sijawai tumia ikawa haishiki vizuri. Nikashangaa, dawa sijawai nunua inagomaje?

Jembe_na_Darubini
Hii ya Narok ni nzuri kwa sababu inagusa usugu wa aina ya pili, ule unaoniumiza kichwa zaidi. Kuna majani ambayo kimeng'enya chake hakijabadilika hata kidogo, ila yanaivunjavunja dawa ikishaingia kabla haijafika inapokwenda. Mpunga wenyewe na ngano ndivyo zinavyopona dawa zetu, zinaivunja. Sasa jani likiwa na uwezo mkubwa wa kuvunja linaweza kuvunja na dawa ya kundi jingine ambayo hujawahi kuinunua. Kule California kwenye mpunga, majani ya ukoo huohuo wa haya ya @MpungaHalisi yalikutwa yanahimili bispiribaki kabla haijaanza kuuzwa kwa wakulima, yalikuwa yamejifunzia kwenye dawa nyingine za zamani.

Nimesema kujifunza, mtanisamehe, mnaelewa namaanisha nini.

Na hapo dozi ina maana yake. Ukipiga dozi pungufu, bomba moja kwa heka badala ya yale yanayotakiwa, unaacha hai wale wenye uwezo wa kati wa kuvunja, wanachavushana, watoto wao wanakuwa na uwezo zaidi. Raigrasi kwa hilo ni hodari kwa kuwa lazima ichavushane na mwenzake. Kwahiyo dozi kamili ya lebo, jani likiwa na majani mawili matatu, sio likiwa limeshachipua mashina. Mara mbili ya lebo nayo sio dawa, kwa ule usugu wa kimeng'enya hata mara kumi inaweza isifue dafu, na unaumiza mpunga wako na mazao yatakayofuata.

BombaMgongoni
Lakini kwangu inaua. Nimesema mara mbili ya lebo inaua. Mnanijibu kwa Australia.

Jembe_na_Darubini
Inaua leo. Sijakataa. Nakuuliza tu ulianza lini kuhitaji mara mbili, na lebo moja ilikuwa inatosha lini.

BombaMgongoni
Hilo ni swali la polisi hahaha.

MamaNasra_Ifakara
Na mimi mpunga pori wangu ni sugu pia?

Jembe_na_Darubini
Hapana mama, huo ni kisa kingine. Mpunga pori ni ndugu wa mpunga, karibu kila dawa inayouacha mpunga inauacha na yeye, ulikuwa hivyo tangu siku ya kwanza dawa inatengenezwa. Usugu tunaongelea jani lililokuwa linakufa kwa dawa hiyo na sasa halifi. Wewe ingiza maji, acha uote, upige glaifoseti au uvuruge kabla hujapanda, na ule wenye mizizi ya kutambaa chini hautaisha kwa mara moja. Pandikiza kwa mstari ili chochote kilichoota nje ya mstari ukijue na ung'oe. Fungua uzi wako tukupe zaidi.

MpungaHalisi
Turudi kwangu sasa. Nifanyeje, na nimpimeje huyu mdudu, maana sitaki kununua dawa ya nne kwa kubahatisha.

Jembe_na_Darubini
Kupima. Ukiwa bado una mashina yaliyopona shambani, yang'oe na mizizi, kata majani yabaki mafupi kama kidole, panda kwenye makopo ya plastiki yaliyotobolewa chini. Tafuta na mashina ya aina hiyohiyo sehemu ambayo haijawahi kupigwa, kando ya mto au kwa mtu anayepalilia kwa mkono, ufanye vilevile. Yakichipua majani mapya piga yote kwa bomba moja, bispiribaki dozi ya lebo, na acha makopo kadhaa ya kila upande bila kupiga. Subiri wiki tatu, dawa hii ni ya polepole usihukumu siku ya tano. Ya mtoni yakifa na ya kwako yakachipua, umepata jibu. Yote yakifa, rudi tuongelee maji na upigaji wako. Yote yakipona, hapo ndio nitakubali dawa ni feki.

Ukikosa mashina chukua mbegu, ila mbegu mpya za haya majani huwa zinalala, ukiotesha wiki ileile utaona hazioti ukadhani zimekufa. Ziweke pakavu miezi kadhaa kwanza.

Msimu ujao, bila kusubiri majibu: kundi 2 lipumzike kwa hayo majani. Ingiza maji kabla ya kupanda, acha yaote, yaue kwa glaifoseti au kwa kuvuruga. Baada ya kumwaga mbegu, pendimethalini au oksadiazoni kwenye udongo wenye unyevu, fuata lebo hasa kuhusu maji yaliyosimama, maana ikizama na mbegu ya mpunga iko juu unajiua mwenyewe. Yatakayopenya yapige propanili yakiwa madogo. 2,4-D usiitegemee hapa, inaua ndago na majani mapana, haya ya jamii ya nyasi haiyagusi. Na ukishafika hatua mpunga umesimama, kaa na maji ya kutosha, mbegu nyingi za haya majani haziwezi kuota chini ya maji ya kina.

Kisha yaliyobaki yang'oe kwa mkono kabla hayajapukutisha. Najua vibarua ghali. Lakini turudi kwenye hesabu, mwaka wa kwanza yanabaki kama elfu kumi heka nzima, sugu ni 10 tu humo, hayo mkono unayaweza. Mwaka wa nne sugu peke yake ni laki tisa.

Mkulima_Narok
Swali moja boss. Ni heri kuzungusha, mwaka huu hii mwaka ujao ile, ama kuchanganya mbili kwa tanki moja?

Jembe_na_Darubini
Ukirudi kwenye ile hesabu utaona. Ukizungusha, msimu wa pili unapiga kundi lingine, wale sugu 1,000 wanauawa asilimia 99 sawa na wenzao, kwahiyo wanabaki 1 katika 1,000, hawapandi. Lakini pia hawashuki, isipokuwa kama usugu wenyewe unawadhoofisha, na mara nyingi hauwadhoofishi vya kutosha. Ukirudia dawa ya kwanza wanaendelea walipoishia. Kuzungusha kunanunua muda.

Ukichanganya makundi mawili ambayo yote mawili yanaua jani hilohilo, anayepona lazima awe sugu kwa yote. Moja katika laki mara moja katika laki ni moja katika bilioni kumi, kwa milioni moja kwa heka unahitaji heka elfu kumi kumpata mmoja. Kule Illinois Marekani walipima mashamba zaidi ya mia moja yenye gugu la jamii ya mchicha, na waliokuwa wanachanganya wastani wa makundi mawili na nusu kila wanapopiga walikuwa na uwezekano mdogo mara 83 wa kupata usugu wa glaifoseti kuliko wa kundi moja na nusu. Kuzungusha kwa mwaka peke yake hakukufanya vizuri hivyo.

Tatizo la kuchanganya ni mbili. Bispiribaki na 2,4-D sio mchanganyiko kwa majani ya nyasi, kwa sababu 2,4-D hayaui, unapiga kundi moja tu huku unajidanganya ni mawili. Na kwa wale wanaovunjavunja dawa, ile hesabu ya bilioni kumi haipo, mmoja anaweza kuvunja zote mbili. Ndio maana nasisitiza maji, kuvuruga na mkono, hakuna jani linalovunjavunja jembe.

DukaPembejeo_Kona
Hapo kwenye kuchanganya mimi naonya, kuna watu wanachanganya chochote na chochote kwenye bomba, propanili na dawa fulani za wadudu zikikutana mpunga unaungua wote, hata zikifuatana kwa siku chache. Nimeshaletewa kesi.

Jembe_na_Darubini
Kweli kabisa, ahsante kwa hilo. Zile za wadudu za jamii ya oganofosfeti na kabameti ndio hatari na propanili, mpunga unashindwa kuivunja.

MpungaHalisi
Nimeelewa, makopo naanza kutoboa. Ila kuna kitu mmekiruka. Mabaka yangu yalianza pale maji yanapoingilia. Jirani wa juu anapiga bispiribaki tu miaka yote na majani yake yanapukutisha kwenye mfereji. Mi nikizungusha peke yangu si nafanya kazi bure?

BombaMgongoni
Hapo sasa ndio pazuri. Mtaalam jibu.

Jembe_na_Darubini
Sio bure ila ni pungufu. Hizo mbegu zinaelea, ukiweka wavu wa matundu madogo pale maji yanapoingia utazipata kwa konzi, na utakuwa unausafisha kila siku la sivyo maji hayapiti. Hilo linapunguza, haliondoi. Zaidi ya hapo ni mazungumzo ya kamati ya mfereji, na mimi kamati za mfereji sijawahi kuona zikikubaliana hata siku ya kusafisha mfereji wenyewe.

MamaNasra_Ifakara
Kwetu tulikubaliana kupandikiza wote mfereji mzima msimu mmoja, ikawezekana. Msimu uliofuata wawili wakarudi kumwaga.

MpungaHalisi
Na majani?

MamaNasra_Ifakara
Yalipungua, halafu yakaanza kwao wale wawili. Mmoja ni shemeji yangu, sasa nitamwambiaje.